Kuandaa Kitabu cha Kiswahili kwa Ajili ya Sikio

Riwaya ya kwanza niliyopewa kuisoma kwa sauti ilikuwa fupi, maneno kama 24,000 katika sura 12. Nilirekodi sura yenye ugomvi wa sokoni, nikaisafisha vizuri, kisha nikampelekea dada yangu mkubwa, ambaye ni fundi cherehani. Aliisikiliza huku akishona. Alipomaliza nikamwuliza, "Dada, nani aliyecheka pale mzigo uliposhikwa?" Akajibu, "Si yule mama?" Kumbe aliyecheka ni binti, na kicheko hicho ndicho kilichozua ugomvi wote uliofuata. Dada hakuwa mzembe wa kusikiliza, na sauti yangu ilikuwa safi. Nilirudi kwenye ukurasa nikakuta kosa liko palepale, katika maandishi niliyoyasoma kama yalivyo bila kuyaandaa.

Tangu siku hiyo, anayeniambia anataka kutengeneza vitabu vya kusikiliza kwa Kiswahili huwa namwomba aniletee kitabu na penseli kabla hatujazungumzia maikrofoni. Kazi ngumu zaidi iko kwenye karatasi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huwezi kufundishwa na mtu anayesoma Kiingereza, kwa kuwa inatokana na jinsi lugha yetu ilivyojengwa.

Nianze na lile lililompoteza dada. Kiswahili hakitofautishi mwanamke na mwanamume katika "a-" na "yeye", na kitenzi kimoja hubeba mtenda na mtendwa pamoja: akamwambia, akamshika, akamjibu. Msomaji wa macho akichanganyikiwa huinua macho mistari miwili juu, akamwona aliyetajwa, akaendelea. Msikilizaji yuko kwenye daladala au mikono yake imejaa sabuni, hawezi kurudi nyuma. Chukua mfano huu, nilioutunga kwa kufuata sura ileile ya ugomvi wa sokoni: "Bi Mwanaidi alimtazama Salma. Akamwambia kwamba mzigo ule haumhusu na asiuguse. Akacheka, akaishika kamba." Kwenye karatasi, alama ya nukta na maana ya kamba vinakusaidia kujua kwamba aliyecheka ni Salma. Kwa sikio, vitenzi vinafuatana kama shanga za uzi mmoja, na msikilizaji humpa vyote mtu wa kwanza aliyetajwa. Dawa yake ni neno moja: "Salma akacheka, akaishika kamba."

Pita kitabu kizima ukitafuta mahali ambapo "a-" inabadilisha mtu bila jina kutajwa. Zungushia duara, andika jina pembeni. Vilevile angalia mazungumzo ambayo msemaji anatajwa mwishoni, baada ya maneno marefu. Mwandishi ameandika sentensi nne za lawama, ndipo akaongeza "alisema Salma". Sikio limekwisha kumpa lawama hizo mtu mwingine, sasa linalazimika kubomoa na kujenga upya. Hamisha utambulisho huo uje mbele, au uuweke baada ya sentensi ya kwanza.

Lakini maandishi si yako. Mwandishi ana haki ya kukataa kazi yake kuguswa, hata kwa jina moja. Orodhesha kila badiliko, ukurasa na mstari, umpelekee. Mwandishi wa riwaya ile alikubali karibu yote na kukataa manne, kwa sababu pale alitaka msomaji asijue kwanza ni nani anayezungumza gizani. Alikuwa sahihi, na mimi nisingeligundua peke yangu.

Baada ya watu huja tarakimu. Tarakimu kwenye karatasi haina ngeli, lakini mdomoni inayo. "Watu 12" ni watu kumi na wawili, "vikapu 8" ni vikapu vinane, "nazi 3" ni nazi tatu, "mikeka 5" ni mikeka mitano. Ukikutana nazo ghafla huku taa ya kurekodi inawaka, utasema "vikapu nane" na hutajua umesema, mpaka msikilizaji akuandikie. Kwa hiyo andika kila namba kwa maneno, juu ya mstari, kabla hujaanza. Fanya hivyohivyo kwa vifupisho: n.k., k.m., Bw., Sh., taz.

Kuna mtego mmoja wa hesabu unaostahili kutazamwa peke yake. "Sh. 15,000" ikiandikwa haina utata. Ukiisoma "shilingi elfu kumi na tano", sikio linaweza kupata elfu kumi, kisha tano. Mara nyingi muktadha huokoa, maana hakuna anayenunua samaki kwa 10,005. Lakini katika kitabu cha hesabu, cha historia, au cha maelekezo ya kuchanganya mbolea, muktadha hauokoi. Soma "kumi na tano elfu" na utata unaisha. Katika riwaya huwa naacha wahusika waseme kama wanavyosema sokoni, ila msimulizi namfanya aseme bila kuacha shaka. Na kama unachoandaa ni kitabu cha masomo, jihadhari na sentensi kama "tazama jedwali hapo chini". Jedwali halisomeki kwa kupita safu moja baada ya nyingine. Sema kwanza lina safu ngapi na zinahusu nini, kisha toa mistari miwili mitatu yenye maana. Zilizobaki ziweke kwenye karatasi ya kuambatanisha.

Sasa matamshi. Tunajivunia kwamba Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, na kwa sehemu kubwa ni kweli, mkazo ukiangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Yapo maneno machache yanayokataa. Barabara ya lami huwa na mkazo kwenye "ba" ya pili, lakini barabara yenye maana ya sawasawa au vizuri kabisa huvuta mkazo nyuma, kwenye "ra" ya kwanza. Walakini yenye maana ya "lakini" na walakini yenye maana ya dosari hutofautiana kwa namna hiyohiyo. Ukikosea, sentensi nzima hugeuka. Nami huweka kialama kidogo cha penseli juu ya silabi yenye mkazo: barábara.

Kwa wasemaji wa pwani kuna tofauti nyingine ambayo tahajia haionyeshi kabisa. Paa, mnyama, hutamkwa kwa pumzi inayotoka na "p", na paa la nyumba halina pumzi hiyo. Msimulizi wa bara asijilazimishe kuiga, kwa kuwa uigaji hudhihirika baada ya dakika mbili na humfukuza msikilizaji. Lakini kama mwandishi ni wa Lamu au Pemba na mazungumzo yake yamejaa lahaja, mtafute msomaji wa huko. Hilo nalishikilia. Kitabu cha lahaja kikisomwa na mtu asiyeijua huwa kimepoteza zaidi kuliko ambavyo kingepoteza kwa kubaki kimya rafuni.

Kipimo changu kwa msomaji mpya ni kifupi. Namwomba asome sentensi zenye kura na kula, mahari na mahali, kisha dhahabu, thamani, ghali, na ng'ombe. Anayechanganya r na l hataweza kusoma hadithi ya posa bila kumharibia baba wa bibi harusi, maana mahari ikigeuka mahali hakuna kinachoeleweka. Anayesema "zahabu" na "samani" anaweza kujirekebisha kwa siku chache za mazoezi akiwa na nia. Majina ya watu na vijiji ni suala la kumwuliza mwandishi. Mwandishi wangu aliniandalia ujumbe wa sauti wa dakika tatu akiyataja yote, moja baada ya jingine, nami niliusikiliza kila asubuhi kabla ya kuanza.

Ukishamaliza karatasi ndipo uingie chumbani. Sitakuambia ununue maikrofoni gani. Maikrofoni nzuri katika chumba kibovu hurekodi ubovu huo kwa uaminifu mkubwa, na ya kawaida katika chumba kilichotulia inatosha kabisa kuanzia. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mfupi unaorudi kama wa bati, kuta zako ni tupu mno. Egemeza magodoro mawili pembeni, tundika blanketi nzito nyuma yako, au fungua kabati la nguo ukae ukiwa umelielekea. Nguo zinazoning'inia hunyonya mwangwi vizuri kuliko sponji nyembamba zinazouzwa kwa bei kubwa. Kanga moja iliyotandazwa ukutani haitoshi, ni nyepesi mno.

Kisha ua vyanzo vya kelele: feni, jokofu, saa ya ukutani. Jokofu lina hila, kwa sababu huzimika na kuwaka lenyewe, na mngurumo wake hujitokeza katikati ya sentensi. Lizime, na funguo zako za nyumba ziweke ndani yake, ili usiweze kutoka bila kukumbuka kuliwasha tena. Paa la bati maana yake mvua ni likizo. Mjini, muda wenye utulivu ni kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri, kabla ya majogoo, adhana na bodaboda. Kama huwezi kukesha, tafuta saa za mchana ambazo mtaa wako hutulia, halafu urekodi saa hizohizo kila siku, kwa kuwa sauti ya mtu asubuhi na sauti yake jioni si moja. Nilipochanganya muda, sura ya tano ilisikika kama imesomwa na kaka yangu.

Maikrofoni ikae umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, isiwe mbele moja kwa moja, la sivyo kila "p" na "b" itatoa mshindo wa upepo. Kiswahili kina "mb" na "p" nyingi kuliko unavyodhani mpaka uzisikie kwenye hedifoni. Rekodi katika faili la WAV, mono. Programu ya bure kama Audacity inatosha. Weka kiwango ili sauti ya juu kabisa, pale mhusika anapofoka, ifike karibu desibeli -6 na isiguse sifuri kamwe, kwa sababu sauti iliyopasuka haitibiki. Kabla hujaanza kusoma, kaa kimya sekunde 30 huku unarekodi. Kimya hicho cha chumba chako utakihitaji baadaye.

Ukikosea, usizime. Nyamaza kidogo, piga kofi moja, rudi mwanzo wa sentensi. Kwenye picha ya sauti kofi husimama kama msumari, nawe wakati wa kusafisha utaruka kutoka msumari hadi msumari badala ya kusikiliza saa mbili kutafuta makosa. Unapokata kikohozi au pumzi nzito, usiache pengo tupu. Bandika kipande cha kimya cha chumba ulichorekodi mwanzoni. Kimya tupu kabisa katikati ya maneno humshtua msikilizaji, anadhani simu imezimika.

Watu wengi huharibu kazi hapa, kwenye kuondoa kelele. Programu ina kitufe cha Noise Reduction, na kishawishi ni kukikaza mpaka kimya kiwe kimya. Sauti nayo hulika. Dalili ni rahisi: "s" na "sh" zinakuwa za maji, na msomaji anasikika kama anazungumza ndani ya mtungi. Ukisikia hivyo, umezidisha. Kimya kikishuka chini ya desibeli -60 ni safi vya kutosha kwa kitabu. Usipofika hapo bila kuumiza sauti, rudi urekebishe chumba.

Hesabu ya muda huwashangaza wanaoanza. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo kasi ya maneno kwa dakika ni ndogo kuliko inayotajwa kwa Kiingereza. Mimi husimulia maneno kama 100 kwa dakika, pamoja na vituo. Wewe jipime: soma dakika kumi kwa utulivu, hesabu maneno, gawanya kwa kumi. Kwa kasi yangu, maneno 24,000 ni dakika 240, yaani saa nne. Kila saa moja iliyokamilika hunichukua saa mbili za kurekodi, tatu za kusafisha, na moja ya kusikiliza upya nikiwa na kitabu mkononi. Jumla saa 24, bila kuhesabu siku za penseli. Koo langu huvumilia saa mbili kwa siku, ikizidi sauti inakuwa na mchanga. Kwa hiyo mtu akikuuliza bei, mpangie kwa saa iliyokamilika. Kurasa hazifai kuwa kipimo, kwa maana ukurasa wa kitabu kimoja huwa na maneno 200 na wa kingine 400.

Siku unayorudi baada ya mapumziko, sikiliza dakika ya mwisho uliyorekodi kabla ya kufungua mdomo. Itakusaidia kurudisha kasi na kimo cha sauti. Na kwa wahusika, hifadhi sentensi moja ya kila mmoja katika faili la pembeni. Bi Mwanaidi akionekana sura ya pili na kurejea sura ya kumi, utasahau ulimpa mwendo gani. Sishauri mwanamume kubana sauti ili aige mwanamke, wala mwanamke kunguruma. Badilisha mwendo: mmoja huburuta maneno, mwingine hukata mapema.

Kuhusu haki, lizingatie hili kabla hata ya penseli. Mkataba wa mwandishi na mchapishaji mara nyingi hutaja uchapaji tu, na wakati mwingine hukabidhi kila kitu. Omba uuone. Kama haki ya sauti imebaki kwa mwandishi, andikianeni karatasi inayotaja kitabu, lugha, miaka mingapi, na mgawo wa mapato. Kwa waliofariki, sheria ya Tanzania na ya Kenya hulinda kazi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baadaye. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hivyo kitabu kama Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ulinzi wake katika nchi hizi ulikwisha na mwaka 2012. Ila dibaji mpya au vielelezo vya toleo la karibuni vina mwenyewe, na nchi za Ulaya huhesabu miaka 70, ambayo kwake inafika mwaka 2032. Ukiweka faili mahali panapofunguka dunia nzima, hesabu hiyo inakuhusu. Tafsiri nayo ina ulinzi wake. Shakespeare ni huru, lakini Mabepari wa Venisi ni kalamu ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, na ulinzi wake unaendelea mpaka mwisho wa mwaka 2049.

Kabla ya kutoa kitabu, toa dakika kumi kwa watu watatu. Usichague sura ya kwanza, chagua ile yenye watu wengi wanaozungumza. Wasikilize wakifanya kazi, kama dada alivyofanya, halafu wakusimulie. Usiwaulize kama wameipenda, maana watakujibu kwa adabu. Waulize nani alifanya nini. Wakikwama wote mahali pamoja, rudi na penseli.

Kisha ukubwa wa faili, kwa sababu msikilizaji wako hulipia bando. Sura ya dakika 20 katika MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde huwa karibu megabaiti 29, na ileile kwa kilobiti 64, mono, haifiki 10. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma, kwenye hedifoni za kawaida, wengi hawataona tofauti. Kitabu kizima cha saa nne kinakuwa megabaiti 115 badala ya karibu 346. Ile WAV ya awali usiifute. Itunze katika diski mbili, maana siku shule au redio ikikuomba toleo bora, huwezi kulipata kutoka MP3 ndogo.

Na majina ya faili. Wiki ya kwanza baada ya kutoa riwaya ile, msikilizaji mmoja alinipigia kuniuliza kwa nini harusi imekuja kabla ya posa. Simu yake ilikuwa imepanga faili kwa herufi, ikacheza Sura 1, kisha Sura 10, 11 na 12, ndipo ikarudi Sura 2. Sasa naandika 01, 02, 03 mpaka 12, na mwanzoni mwa kila faili nataja kwa sauti jina la kitabu na namba ya sura, kisha nanyamaza sekunde mbili kabla ya kuanza kusoma.